Ujumbe wa Hasira Ukaguliwe Kabla ya Kutumwa

Ofisi nyingi ndogo za Dar es Salaam siku hizi haziko chini ya paa moja. Mhasibu yuko Temeke, tawi la mauzo liko Kinondoni, stoo iko Mbagala au Bunju, na kwa foleni za jiji hili hakuna anayevuka mji kwenda kuulizia karatasi moja. Kazi ikichelewa, lawama humfikia mhusika kwa maandishi ya simu, bila uso wala sauti ya kuyapunguzia ukali. Kwa hiyo nasema kwamba ujumbe ulioandikwa kwa hasira hauna budi kuandikwa upya kabla ya kutumwa. Adabu ni sababu mojawapo, lakini si kubwa kuliko zote. Sababu kubwa ni kwamba kuuandika upya ndiyo njia ya mtu kuyakagua madai yake mwenyewe. Asiyeyakagua hudai asichoweza kukithibitisha, na papo hapo husahau kudai kile anachokihitaji.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lililosajiliwa kulipa VAT. Ritani ya mwezi hutakiwa kufika TRA kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Mhasibu wa Temeke amemwomba mwenzake wa tawi la Kinondoni risiti za EFD za manunuzi ya Septemba, na siku ya mwisho waliyopatana ni tarehe 17 Oktoba. Saa kumi jioni imepita, na zimefika za nusu ya kwanza ya mwezi tu. Mhasibu anaandika: “Wewe kila siku ni hivi hivi. Nilikwambia mapema kabisa lakini umeamua kunidharau. Kwa uzembe wako TRA wanatupiga faini. Kama kazi imekushinda sema, bosi atafute mtu mwingine.” Hasira hiyo inaeleweka, maana ritani ikichelewa jina litakaloulizwa kwanza ni lake. Lakini tuupitie ujumbe huo sentensi kwa sentensi, na kwa kila moja tuulize: hili limetokea na naweza kulionyesha, au ni hukumu yangu, au ni dhana yangu juu ya moyo wa mtu, au ni kitisho?

“Kila siku ni hivi hivi” inataka hesabu. Mhasibu akirudi nyuma kwenye mazungumzo yao, huenda akakuta kwamba Julai risiti zilifika kwa wakati na Agosti zilichelewa siku moja. Hapo “kila siku” haisimami. Kinachosimama ni “mwezi uliopita pia”. “Mapema kabisa” inataka tarehe, na hapa ndipo ukaguzi unapouma, kwa sababu huenda ujumbe wa awali ulisema “naomba risiti tarehe 17” bila kutaja saa wala kusema kwamba ni za mwezi mzima. “Umeamua kunidharau” ni madai juu ya nia, na nia haionekani kwenye simu. “TRA wanatupiga faini” ni uongo kwa leo, kwani tarehe 20 haijafika. Mwisho ni kitisho cha kufukuzisha mtu kazi, ambacho mhasibu hana mamlaka nacho. Ukiondoa yote hayo, katika sentensi zote hakuna hata moja inayosema ni risiti zipi zinakosekana na zinatakiwa saa ngapi. Aliyeupokea anaweza kujibu kwa matusi au kwa kunyamaza, lakini hana namna ya kujibu kwa kazi.

Sasa uandikwe upya kwa kile kilichobaki baada ya ukaguzi: “Kaka, habari za jioni. Tulipatana risiti za manunuzi za Septemba zinifikie leo tarehe 17. Hadi sasa saa 11:40 nimepata za tarehe 1 hadi 15. Za tarehe 16 hadi 30 sijaziona. Bila hizo siwezi kukamilisha ritani, na mwisho ni tarehe 20. Je, ziko hapo tawini? Naomba unitumie picha zake leo kabla ya saa 2 usiku, na zenyewe zije kesho kwa bodaboda kabla ya saa 4 asubuhi. Kama kuna kilichokwama niambie leo ili nijipange.” Una kilichopatanwa, kilichotokea, athari yake, swali moja, ombi lenye saa, na mlango wa kueleza kikwazo. Lawama haikufichwa: kuchelewa kumetajwa kwa tarehe na saa, na hakuna anayeweza kukana.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwabembeleza wazembe, na kwamba mtu asiyekemewa hatabadilika. Mimi naona kinyume chake. Mzembe hupenda ujumbe wa matusi, kwa sababu unampa nafasi ya kuhamisha mjadala: kesho yake hasemi tena juu ya risiti, anasema juu ya alivyotukanwa. Sheria zetu nazo zinaegemea upande wa ushahidi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, chini ya sheria ya ajira, zinapopima utendaji duni huangalia, pamoja na mengine, kama mfanyakazi alikijua kiwango kilichotakiwa na kama alipewa nafasi ya haki ya kukifikia. Ujumbe wa pili unayajibu maswali hayo. Wa kwanza haujibu hata moja. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumtisha au kumsumbua. Mwenye haki ya kulalamika asijiweke mwenyewe kwenye hatari ya kulalamikiwa.

Wengine watasema hakuna muda wa kuandika mara mbili ilhali saa imeshapita. Ujumbe mfupi kama ule hukaguliwa kwa dakika chache, na dakika hizo hazilingani na usiku mzima wa majibizano. Wala tusijidanganye kwamba tutarekebisha baadaye. WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe kwa dakika 15 tu, na mwenzako anaweza kuusoma katika dakika ya kwanza. Ni salama zaidi kuuandika mahali pasipo jina la mpokeaji, kisha kuuhamisha ukiwa tayari.

Hata hivyo utulivu una mpaka wake. Kuna ujumbe usio na tusi hata moja lakini umekusudiwa kumdhalilisha mtu, kwa mfano kuorodhesha makosa yake ya mwaka mzima, au kumwekea bosi nakala kabla mhusika hajaulizwa hata mara moja. Ukweli uliochaguliwa ili uumize ni hasira ile ile katika vazi safi. Basi ujumbe wa kwanza uende kwa mhusika peke yake, na uhusu kazi ya leo. Akikaa kimya hadi saa uliyotaja, mpigie simu. Na ikibidi kumfikishia mkubwa wa kazi, mpelekee ujumbe ule ule bila kuongeza neno. Ukiona unaona aibu bosi ausome kama ulivyouandika, ujue bado haujawa tayari kwenda hata kwa mwenzako.