Kipimo cha Kidole Hakina Ruhusa ya Kumbakiza Mgonjwa Nyumbani

Mtu akishikwa na mafua makali hapa Mutarule, mara nyingi kuna anayemtuma mtoto kwa jirani kuazima kile kimashine cha kidole ambacho watu walikizoea tangu enzi za Korona. Kinabanwa kidoleni, namba 96 inatokea, na nyumba nzima inashusha pumzi. Mgonjwa anafunikwa blanketi, anaambiwa alale, kesho atakuwa mzima. Safari ya kituo cha afya inafutwa pale pale, wala hakuna aliyemtazama kifua.

Napinga desturi hiyo kwa nguvu zangu zote. Sikipingi kimashine chenyewe, napinga kazi tuliyokipa. Namba ya chini ni sababu tosha ya kumpeleka mgonjwa kwa muuguzi, lakini namba ya juu si sababu ya kumbakiza nyumbani. Wengi wetu tunadhani inafanya kazi pande zote mbili, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa kifua wanafika hospitali wakiwa wamechelewa.

Kimashine hakiigusi oksijeni. Kinapitisha mianga miwili kidoleni, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha kinapima ni kiasi gani cha kila mmoja kimemezwa na damu kila mshipa unapodunda. Damu yenye oksijeni nyingi inameza mianga hiyo tofauti na damu iliyopungukiwa. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyegundua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baada ya kupima mwanga, kimashine kinatafuta jibu kwenye jedwali lililotengenezwa kwa kuwapima watu wazima wenye afya waliojitolea, na kwa miaka mingi wengi wa watu hao walikuwa na ngozi nyeupe.

Hapo ndipo mambo yanapotuhusu sisi wa bonde la Ruzizi. Rangi ya ngozi nyeusi nayo inameza mwanga, na kosa linaelekea upande mbaya, kwa maana kimashine kinasoma juu kuliko ukweli. Mwaka 1990 madaktari Jubran na Tobin waliandika kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hiki kinakosea zaidi. Habari hiyo ilikaa miaka thelathini bila kushughulikiwa ipasavyo. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Michigan walichapisha katika jarida la tiba la New England matokeo ya wagonjwa waliopimwa kwa kimashine na kwa damu ya mshipa karibu wakati mmoja. Miongoni mwa waliosomeka kati ya 92 na 96, karibu weusi 12 katika kila 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe walikuwa karibu 4. Kosa hilo lilipatikana kwenye mashine za hospitali, si za kuazima kwa jirani.

Za bei rahisi zina mashaka ya ziada. Watafiti wa California walipima aina sita za vimashine vya namna hii mwaka 2016, na nne zilishindwa kufikia kiwango cha kimataifa. Hata kilicho kizuri kina nafasi ya kukosea. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaeleza kwamba kimashine kilichokidhi masharti yake kikiandika 90, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 86 na 94. Kwa hiyo anayebishana kama mgonjwa ana 94 au 95 anabishana juu ya kitu ambacho kimashine hakina uwezo wa kukitofautisha.

Tuseme basi umepata kimashine kisichokosea hata kidogo. Bado namba ingekuwa ya mwisho kukuambia. Mapafu yanapoanza kujaa, mwili hauachi oksijeni ishuke hivi hivi, unaongeza kasi ya kupumua. Kijana mwenye nguvu anaweza kushikilia 96 kwa saa nyingi huku akihema mara 32 kwa dakika, mbavu zikiingia ndani, mabega yakipanda na kushuka. Anailipia 96 hiyo kwa nguvu zake zote. Akichoka, namba inaporomoka haraka, kwa sababu chini ya 90 upungufu mdogo wa oksijeni kwenye mapafu unaondoa sehemu kubwa ya ile iliyo kwenye damu. Aliyehesabu pumzi aliuona mapema ugonjwa ambao mwenye kutazama kioo atauona saa za mwisho.

Halafu sisi tunaishi na malaria. Kimashine kinasema kila chembe nyekundu ya damu imebeba oksijeni kiasi gani, hakisemi chembe zimebaki ngapi. Ni kama baiskeli za mchele zinazokwenda soko la Sange: zikibaki nne kati ya kumi, na kila moja ikawa imejaa magunia, anayetazama mzigo wa baiskeli moja moja atasema biashara iko vizuri, na soko limekauka. Mtoto aliyemalizwa damu na malaria, au mwenye ugonjwa wa selimundu, anaweza kusoma 98 huku viganja vikiwa vyeupe na moyo ukikimbia.

Wala tusidhani kwamba mtu mwenye kikohozi na homa ana mafua peke yake. Mwishoni mwa 2024, katika eneo la Panzi mkoani Kwango (si ile hospitali ya Panzi ya Bukavu), watu walianza kufa kwa ugonjwa uliosemwa haujulikani: homa, kikohozi, maumivu ya kichwa, udhaifu, na wengi walikuwa watoto. Vipimo vilionyesha malaria pamoja na virusi vya njia ya hewa, mafua yakiwemo, juu ya miili iliyodhoofishwa na utapiamlo. Mambo hayo matatu yote tunayo hapa Mutarule. Anayembana mtoto kidole, akaona 97 na kufunga mjadala, hajapima malaria, hajatazama damu, hajui mtoto amekula nini wiki hii.

Na mbabula unaowashwa ndani ili mgonjwa apate joto? Sumu ya moshi wa makala inakamata chembe za damu na kuzifanya zionekane nyekundu mbele ya kimashine. Mtu anaweza kusoma 99 akiwa anasongwa. Nyumba nzima ikiumwa kichwa na kutapika usiku mmoja, toeni watu nje kwanza, na namba msiitegemee.

Tumchukue mgonjwa mmoja wa mfano, mama wa miaka 62, siku yake ya tano ya mafua. Homa ilishuka siku ya tatu, akafagia hata uwanja, kisha ikarudi na kutetemeka. Jioni mwanawe anambana kidole, inatoka 95. “Mama, uko sawa, lala tu.” Lakini mama ametoka kuosha vyombo kwa maji ya baridi, na vidole baridi havikipi kimashine damu ya kutosha kusoma. Muuguzi anayejua kazi angemkalisha dakika tano, angemfuta hina au rangi ya kucha, angempasha mkono, angeuweka usawa wa kifua bila kutikisika, mbali na jua, na angesubiri namba itulie, kama dakika moja. Angelinganisha pia namba ya mapigo, ile iliyoandikwa PR, na mapigo anayoyahesabu kwenye kifundo cha mkono. Zikipishana sana, basi na namba ya oksijeni, ile iliyoandikwa SpO2, haifai kuaminiwa. (Wapo wanaosoma PR wakidhani ni oksijeni. Mgonjwa mwenye mapigo 96 anasifiwa kwa oksijeni 96.)

Baada ya hayo mama anasoma 94, na inabaki hapo. Tunahesabu pumzi dakika nzima bila kumwambia, tukitazama kifua: 28, wakati mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya 12 na 20. Tunamtembeza taratibu hadi mwisho wa uwanja na kurudi, inashuka 90. Tunaona pia kwamba anakata sentensi katikati ili avute hewa. Homa iliyorudi baada ya kupoa inatufanya tuogope nimonia ya bakteria iliyopanda juu ya mafua. Pumzi 28 pekee zingetosha kumpeleka. Kushuka kwa pointi 3 au zaidi baada ya hatua chache pekee kungetosha. Mama huyu anaondoka sasa, akiwa ameketi na si amelala chali. Kama usiku barabara haipitiki kwa sababu ya usalama, muuguzi anapigiwa simu usiku huo huo na safari inaanza kunapokucha. Si kila kituo cha afya kina oksijeni, na kutoka hapa kwenda Sange au Uvira kunakula muda ambao mapafu yanauhitaji.

Nasikia watu wakisema, “Lakini muuguzi alituambia hatari ni chini ya 90.” Mlimwelewa vibaya. Chini ya 90 ni mpaka ambao mwongozo wa hospitali unauita nimonia kali na kudai mgonjwa awekewe oksijeni. Ni mpaka wa kitandani, kwa mtu aliyekwisha kufika. Kwa mtu mzima aliye nyumbani, 92 au chini yake, iliyopimwa vizuri na kurudiwa, ni kuondoka mara moja. 93 au 94 ni kuonwa na muuguzi siku hiyo hiyo, na kwa sababu ya ngozi zetu mimi sitakubali mtu aniambie 94 ni ya kusubiri. Msiisingizie milima: uwanda wa Ruzizi uko chini ya mita 1000, na mtu mzima mwenye afya hapa anatakiwa kuwa 95 au zaidi. Kwa ndugu zetu wa Plato ya Juu ni tofauti, huko hata mzima anasoma chini kidogo, kwa hiyo wao wajipime wakiwa na afya na kuiandika namba hiyo. Vivyo hivyo mwenye mapafu yenye makovu ya kifua kikuu.

Na 97 ya mtu anayeumwa kifua akivuta hewa, aliyechanganyikiwa, aliyeshindwa kusimama, mwenye midomo ya buluu, au mjamzito anayehema? Anaondoka vilevile. Kimashine hakiulizwi.

Watoto wadogo hasa wasibanwe kabisa na kimashine cha watu wazima, kwa kuwa kidole hakijai ndani yake na namba inayotoka haina maana. Kwao hesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi hadi atimize mwaka, 40 au zaidi kuanzia mwaka hadi miaka 5. Akifikia hapo, au akikataa kunyonya, au ngozi ya chini ya mbavu ikivutwa ndani kila anapopumua, mfungeni mgongoni mwende.