Stima ikipotea, jenereta au inveta? Anza kwa kuhesabu saa zako gizani

Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa bila taa kwa saa kadhaa kwa sababu jenereta ya akiba ilikataa kuwaka. Giza la nchi nzima likarudi Novemba na tena Desemba mwaka huohuo. Tangu hapo, wasee wengi mtaani wameanza kuuliza: ninunue jenereta ya petroli ama inveta na betri?

Ukiwauliza wauzaji watakujibu kwa bei ya dukani. Lakini swali lenyewe ni stima hupotea kwako kwa saa ngapi kila mara, na ikipotea unataka kuwasha nini.

Tuchukue nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Balbu tatu za wati 9, runinga ya wati 50, rauta ya wai-fai wati 10, leptopu wati 60, na simu mbili zinazochajiwa kwa wati 10 zote pamoja. Jumla ni kama wati 160. Stima ikipotea kwa saa nne, utatumia wati-saa 640. Inveta nayo hula kiasi fulani ikibadilisha nguvu ya betri, kwa hivyo weka 750.

Sasa angalia betri. Ile iliyoandikwa 12V 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini kama ni ya risasi na asidi hufai kutoa zaidi ya nusu, yaani 600. Ukiikausha kila mara, itakufa mapema. Kwa hivyo betri hiyo itakufikisha saa tatu na kidogo tu. Utahitaji ya 200Ah, ama ya lithiamu ya 100Ah, ambayo unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Ukishuku betri ya risasi ya dukani, ibebe: ya 100Ah halisi hukaribia kilo 30. Ikiwa nyepesi sana, manze, rudisha.

Jenereta ndogo hula karibu nusu lita ya petroli kwa saa ikibeba mzigo mdogo kama huu. Saa nne ni lita mbili, na tukikadiria lita kwa Sh185, hiyo ni Sh370. Kuchaji betri tena hula karibu uniti moja ya stima, tuseme Sh30. Kama giza linakuja mara mbili kwa wiki, jenereta itakula Sh2,960 kwa mwezi na inveta Sh240. Tofauti ni Sh2,720. Chukua pesa ambazo inveta na betri zimezidi bei ya jenereta, gawanya kwa hiyo 2,720, utajua itachukua miezi mingapi kujilipa.

Lakini hesabu hiyo hubadilika transfoma ikilipuka na mtaa ukae siku mbili bila stima. Betri ikiisha imeisha, na kuijaza tena huchukua saa kadhaa za stima ambayo haipo. Hapo jenereta ndiyo hushinda, maana petroli hununuliwa hata usiku. Hushinda pia kama kazi yako ni pampu ya maji au pasi ya wati 1,000 kwenda juu, mradi iwe ya ukubwa unaotosha. Mizigo hiyo hukausha betri haraka sana.

Kwa anayeishi ghorofani kuna jambo zito kuliko pesa. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukiiwasha kwenye baraza au koridoni, gesi inaingia chumbani na watu wanalala wasiamke. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikawashika nyote pamoja, tokeni nje mara moja. Kama huna uwanja wa kuiweka mbali na madirisha, jenereta haikufai, hata uipate kwa bei ya kutupa.

Na usiwahi kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme hurudi kwenye nyaya za mtaa na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akijua laini imezimwa. Mwite fundi aliyesajiliwa akuwekee swichi ya kubadilisha laini.

Kabla ya kutoa hata shilingi, andika kwa mwezi mmoja saa stima ilipopotea na saa iliporudi. Zikiwa nyingi za saa mbili hadi tano, nunua inveta. Zikiwa za siku nzima na una uwanja, chukua jenereta.