Wacheni kukimbilia jaribio la uwiano

Wasee wa hesabu za kampasi, leo naongea na nyinyi. Maoni yangu ni moja: tumefunzwa kutumia jaribio la uwiano kama panga la kufyeka kila mfululizo, na ndio maana watu hukwama kwa maswali rahisi.

Ukiona n! ama 2^n, sawa, gawanya namba inayofuata kwa iliyotangulia uone limiti. Lakini jaribu na 1/n. Limiti ni 1. Jaribu na 1/n^2. Limiti ni 1 tena. Na hizo mbili hazifanani hata kidogo: ya kwanza ukiijumlisha inapanda bila mwisho, ya pili inatulia. Ukipata 1, jaribio limenyamaza, halijakujibu. Kurudia hesabu mara tatu hakutalifanya liongee.

Kwa hivyo chora. Kila namba ya mfululizo iwe sanduku lenye upana wa 1 na urefu wa f(n), halafu pitisha mkunjo wa f(x). Kama mkunjo unashuka tu, sanduku likikaa kuanzia n hadi n+1 linafunika mkunjo. Ukilisukuma hatua moja kushoto, linaingia chini yake. Yaani jumla imebanwa na eneo pande zote mbili: eneo likiwa na kikomo, jumla ina kikomo, eneo likienda bila mwisho, jumla inalifuata. Hiyo ndiyo jaribio la integrali, na si uchawi.

Sheria ya mfululizo wa p inatoka hapo hapo. Eneo la 1/x^p kutoka 1 kwenda mbele ni 1/(p-1) kama p imezidi 1. Kwa hivyo p = 1.001 inatulia, japo mbali sana: eneo ni 1000, na jumla iko kati ya 1000 na 1001. Lakini p = 1 inakupa ln x, ambayo haisimami. Mpaka ni 1 yenyewe, na 1 iko upande mbaya.

Sasa kuja kwa ile inasumbua watu, 1/(n ln n), kuanzia n = 2. Uwiano unakupa 1. Ukiilinganisha na 1/n, ni ndogo kuanzia n = 3, lakini kuwa ndogo kuliko kitu kisicho na mwisho hakusemi chochote. Ukiilinganisha na 1/n^1.001, mwishowe ni kubwa, na kuwa kubwa kuliko kitu kinachotulia pia hakusemi chochote. Imeanguka kwa ufa katikati.

Integrali inaimaliza kwa mstari mmoja. Weka u = ln x, na dx/x inakuwa du. Eneo kutoka 2 hadi N ni:

ln(ln N) - ln(ln 2)

N ikikua, ln(ln N) inakua pia, polepole ajabu, lakini haina dari. Kwa hivyo mfululizo hautulii.

Hapa ndio nasema usiamini kalkuleta. Ukijumlisha hadi N = 1,000,000, masanduku yaleyale yanaonyesha jumla iko kati ya 2.99 na 3.72. Endelea hadi bilioni moja, bado hujafika 5. Mtu yeyote akiangalia skrini ataapa imetulia, na atakuwa amekosea. Kwa upande mwingine, weka mraba kwa logi, 1/(n (ln n)^2), na eneo lote linakuwa 1/ln 2, karibu 1.44. Hiyo inatulia.

Kuna mambo mawili watu huruka. Kwanza, f lazima iwe chanya, isikatike, na ishuke, angalau kuanzia mahali fulani. Chukua sin^2(πx): kwa kila namba nzima ni 0, kwa hivyo jumla ni 0, lakini eneo halina mwisho. Mkunjo unapanda na kushuka, masanduku hayaubani tena. Pili, eneo si jumla. Eneo la 1/x^2 kuanzia 1 ni 1, lakini jumla ya 1/n^2 ni π^2/6, karibu 1.645, kama Euler alivyoonyesha. Jaribio linakuambia kama inatulia, halikuambii inatulia wapi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: ukiona vipeo vya n na logi pekee, bila faktoriali na bila 2^n, usiguse uwiano. Enda moja kwa moja kwa eneo. Na kama unabisha, nipe jibu la 1/(n ln n ln(ln n)) kuanzia n = 3 bila integrali. Nangoja.