Mkataba kurasa 23, muhtasari ukurasa mmoja: Mfanyakazi anasaini nini?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAAJIRI wengi jijini wamejenga utamaduni wa kumkabidhi mfanyakazi mpya nyaraka mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni mkataba wenyewe, mara nyingi mrefu na ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ya pili ni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoitwa muhtasari. Mfanyakazi husoma ule ukurasa mmoja, kisha husaini zile kurasa nyingine zote.

Utaratibu huo si mbaya kwa asili yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna ambayo ataielewa. Kwa hiyo muhtasari si fadhila ya ofisi ya utumishi, bali ni njia mojawapo ya kutimiza wajibu wa kisheria. Tatizo ni kwamba unaandikwa na upande mmoja, na yale yanayouma zaidi ndiyo yanayofupishwa zaidi.

Tuchukue mfano wa mkataba wa kurasa 23 wa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, ambaye kwenye mkataba anaitwa 'Msimamizi wa Ghala'. Ajira ni ya kudumu na mshahara ni Sh585,000 kwa mwezi. Muhtasari wake unasema hivi: majaribio miezi sita, notisi kwa mujibu wa mkataba, saa za kazi kulingana na mahitaji ya kampuni, kulinda siri za kampuni, na nidhamu kwa mujibu wa kanuni. Hakuna sentensi ya uongo hapo. Lakini pia hakuna sentensi inayomwambia karani huyo amekubali nini.

Tuanze na majaribio. Ndani ya mkataba imeandikwa kwamba kampuni inaweza kuongeza miezi sita mingine kwa uamuzi wake, na kwamba katika kipindi chote hicho inaweza kuvunja ajira 'wakati wowote bila notisi'. Miezi sita ya mwanzo ina uzito wa pekee, kwa sababu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kutumia sehemu ya sheria inayokataza kuachishwa kazi isivyo halali. Hata hivyo, sehemu inayohusu notisi ni nyingine, nayo haimwachi nje. Katika mwezi wa kwanza anastahili notisi isiyopungua siku saba, na baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, isiyopungua siku 28. Maneno 'bila notisi' kwa hiyo hayana nguvu, awe katika majaribio au la, isipokuwa mwajiri amlipe fedha badala ya notisi.

Kuhusu nyongeza ya miezi, Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42 zinataka majaribio yawe ya muda wa kuridhisha usiozidi miezi 12. Mwajiri anatakiwa kumfuatilia mfanyakazi, kumweleza kasoro zake, kumsikiliza na kumpa muda wa kujirekebisha kabla ya kumwondoa. Lakini liko jambo moja ambalo wafanyakazi wengi hulichukulia kinyume. Wengi huamini kwamba muda wa majaribio ukipita kimya kimya, basi wamethibitishwa. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wake wa mwaka 2019, ilisema kupita kwa muda peke yake hakumthibitishi mfanyakazi. Muhtasari wenye manufaa ungeandika: majaribio miezi sita, na usipopewa barua ya kuthibitishwa, iombe kwa maandishi.

Notisi ndiyo mahali ambapo maneno 'kwa mujibu wa mkataba' yanaficha mengi. Ukurasa wa tisa unasema kampuni itatoa notisi ya siku 28, ilhali mfanyakazi atatoa notisi ya miezi mitatu, na asipofanya hivyo atailipa kampuni mshahara wa miezi hiyo. Sheria inaruhusu pande mbili kukubaliana notisi ndefu kuliko kima cha chini, lakini kwa sharti kwamba muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Kama kampuni inataka miezi mitatu, nayo itoe miezi mitatu. Aidha, notisi inapaswa kuwa ya maandishi, itaje sababu na tarehe inapotolewa, wala haiwezi kutolewa mfanyakazi akiwa likizo au kuhesabiwa sambamba na likizo. Ile tabia ya kumwambia mtu 'nenda ukamalizie likizo yako, ndiyo notisi' haikubaliki.

Fedha nyingi zaidi, hata hivyo, zimelala kwenye saa za kazi. Mkataba unamtaka karani afike saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 12:00 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, akiwa na saa moja ya chakula. Hizo ni saa tisa na nusu kwa siku, yaani saa 57 kwa wiki. Kisha kuna sentensi moja fupi: mshahara umezingatia saa zote za ziada.

Kisheria, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na hazizidi tisa kwa siku. Karani huyu basi anafanya saa 12 za ziada kila wiki. Ili kupata thamani ya saa moja kwa anayelipwa kwa mwezi, jedwali la sheria linataka mshahara wa msingi ugawanywe kwa 4.333 ili kupata wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Sh585,000 ukizigawa hivyo kwa saa 45 unapata takribani Sh3,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, ambayo ni Sh4,500. Katika wiki nne karani ana saa 48 za ziada, sawa na Sh216,000, zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake. Hicho ndicho kiasi ambacho ile sentensi fupi inakimeza.

Je, sentensi hiyo inasimama? Viwango vya ajira vilivyomo katika sheria huhesabiwa kuwa sehemu ya kila mkataba hata kama havikuandikwa, na mkataba unaweza kuvizidi, lakini hauwezi kushuka chini yake pale ambapo sheria yenyewe haijaruhusu. Mshahara wa msingi ni malipo ya saa za kawaida. Mwajiri anayedai kwamba amelipa saa za ziada ndani yake atakuwa na kazi ngumu ya kuonyesha ni shilingi ngapi za nini. Zaidi ya hapo, saa za ziada zina kikomo cha 50 katika kila wiki nne. Karani wetu ana saa 48 kwa ratiba ya kawaida tu, hivyo jioni moja ya kuhesabu mali iliyomo ghalani, ikichukua saa tatu, inatosha kuvuka kikomo.

Hapa ndipo cheo cha 'Msimamizi' kinapopata maana. Sheria inawatoa katika kinga ya saa za kazi wafanyakazi wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na ambao wanaripoti moja kwa moja kwa ofisa wa ngazi ya juu ya uongozi. Masharti yote mawili lazima yawepo. Karani anayepokea saruji, kujaza leja na kuripoti kwa mkuu wa ghala hawi msimamizi kwa sababu tu neno hilo limechapwa kwenye kitambulisho chake. Anayepewa cheo kikubwa kwa mshahara mdogo angefanya vema kuuliza ni nani hasa anamsimamia.

Ukurasa wa 17 una katazo ambalo muhtasari umeliita 'kulinda siri'. Kwa kweli ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kutotoa orodha ya wateja na bei za manunuzi, na hilo ni halali, hata baada ya kuondoka kazini. La pili linamzuia karani, kwa miaka miwili baada ya kuacha kazi, kuajiriwa au kufungua biashara yoyote ya vifaa vya ujenzi katika mikoa ya Dar es Salaam, Pwani na Morogoro. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali, isipokuwa katika hali chache kama ya mtu aliyeuza biashara yake pamoja na jina na wateja wake. Karani hakuuza duka, aliuza nguvu zake. Hata hivyo, katazo la namna hii hufanya kazi yake bila kufika mahakamani, kwani barua moja ya wakili kwa mwajiri mpya mara nyingi hutosha kumnyima mtu nafasi.

Mwisho ni sababu za kufukuzwa. Mkataba umeorodhesha makosa 31 ambayo adhabu yake ni kufukuzwa papo hapo, kuanzia wizi hadi kuchelewa mara tatu na kushindwa kufikia malengo ya mwezi. Sheria haipimi kwa urefu wa orodha. Inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba kuna sababu halali, na kwamba utaratibu wa haki ulifuatwa. Kanuni za 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa ni zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike, kama vile kukosa uaminifu kulikokithiri, kuharibu mali kwa makusudi au kumshambulia mwenzake. Mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, usiopungua saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Kutofikia malengo si utovu wa nidhamu kabisa. Ni suala la uwezo, ambalo njia yake ni maelekezo, tathmini na muda wa kuboresha. Kulichanganya na wizi si uzembe wa uandishi tu. Anayeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hupoteza malipo ya kiinua mgongo, ambayo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka kumi.

Anayegundua haya baada ya kusaini hajachelewa, lakini saa inatembea. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mingine, ukiwamo wa malipo ya saa za ziada, ndani ya siku 60. Ni vema kwenda na nakala ya mkataba wote, si ule ukurasa mmoja. Asiye na nakala naye aende, kwa kuwa mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi mbele ya Tume, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa.