Sauti Ipo, Ni Sisi Tumeinyima Simu

Mwezi Aprili nilienda Lukenya kumwona susu. Nilikuta kijana wa jirani ameketi naye kwenye kibaraza, simu ya susu iko mkononi mwake, anamsomea meseji za pesa. Namba ya siri anaijua. Anaiandika yeye mwenyewe, susu anangojea tu kuambiwa salio.

Nikamuuliza susu mbona afanye hivyo, na ile simu niliiwasha kisoma-skrini nikiwa hapa mwaka uliopita. Glakoma imemwachia mwanga tu, herufi haoni tena.

"Hiyo yako inaongea Kizungu, mwana wakwa," akasema. "Nimeichoka."

Nikaichukua, nikafungua meseji, nikaigusa. Meseji ilikuwa ya Kiswahili. Sauti ilikuwa ya Kiingereza. "Umepokea" ilitoka kitu kama "yumipokia", na jina la aliyetuma pesa sikulitambua hata mimi ninayeona. Susu hakuwa na shida ya kuelewa. Mimi ndiye nilimwekea upuuzi masikioni, nikapanda matatu nikarudi mjini nikijiona mjukuu mwema.

Sasa kuna uongo mmoja tunaambiana, na nimechoka kuusikia: eti simu haziwezi Kiswahili. Zinaweza. Injini ya sauti ya Google, ile iliyo kwenye simu nyingi za Android, ina sauti ya Kiswahili, na haiuzwi. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa dakika kumi na kuiweka. Muuzaji wa simu haiweki. Fundi haiweki. Sisi wajukuu tuliosoma, au tulioacha kusoma kama mimi, tunawasha kisoma-skrini tu na kuondoka.

Elewa kwanza kosa linatoka wapi. TalkBack, kisoma-skrini cha Android, hakina sauti yake. Kinaokota maandishi kwenye skrini na kuyapa injini ya sauti. Injini nayo huyasoma kwa kanuni za lugha iliyochaguliwa. Kwa Kiingereza herufi "e" ina matamshi mengi na mkazo huhamahama. Kwa Kiswahili irabu ni tano, hazibadiliki, na mkazo karibu kila mara uko silabi ya pili kutoka mwisho. Ukimpa Mwingereza neno "hawajalipa" hatalisoma vibaya kidogo. Atalivunja.

Basi hivi ndivyo nilivyofanya siku ile. Niliingia kwenye setingi, `Accessibility`, kisha `Text-to-speech output`. Kwenye simu nyingine iko chini ya `General management`, kwa hivyo ukiikosa, andika neno "speech" kwenye sehemu ya kutafuta ya setingi. Juu kabisa kuna `Preferred engine`. Hapa ndipo wengi hukwama: simu inaweza kuwa na injini mbili, moja ya kampuni iliyotengeneza simu. Ukipakua Kiswahili kwenye injini moja huku iliyochaguliwa ni nyingine, hakuna kitakachobadilika, na utaapa kwamba Kiswahili kimekataa. Nilichagua ya Google, nikagusa alama ya gia pembeni yake, `Install voice data`, nikashuka hadi `Swahili`, nikapakua kwa bando langu.

Usiishie hapo. Kupakua si kuchagua. Rudi nyuma, fungua `Language`, uitoe kwenye lugha ya mfumo na uiweke Kiswahili. Kisha zima mtandao kabisa, weka simu katika hali ya ndege, na ubonyeze `Play`. Ikiongea Kiswahili bila mtandao, data imeingia kweli. Ikinyamaza au ikirudi Kizungu, upakuaji haukuisha. Jaribio hili ni muhimu kwa sababu susu hana bando kila siku, na sauti inayokuja kwa mtandao tu itamwacha njiani siku anayoihitaji.

Halafu kuna kasi, na hapa nina ugomvi na wajuaji. Watu waliozoea visoma-skrini kwa miaka husikiliza kwa kasi ambayo wewe na mimi tungedhani ni redio imeharibika. Hiyo ni haki yao na ni ufundi. Lakini mtu akiiga kasi hiyo kwenye simu ya mzee aliyepoteza macho juzi, amemfungia mlango. Kiswahili kinabeba mambo mazito kwenye silabi ndogo. "Umetuma" na "umetumiwa" zinatofautiana mwishoni tu, na tofauti hiyo ni pesa kutoka au pesa kuingia. "Amelipa" na "hajalipa" zinatofautiana mwanzoni, pale ambapo sikio bado halijatulia. Silabi ikimezwa, mzee atabishana na muuza maziwa.

Kwa hivyo usipime kasi kwa sentensi ya mfano. Mimi nilimsomesha susu meseji halisi ya pesa, nikamuuliza: nani katuma, ngapi, na umebaki na ngapi? Alipokosea salio nilivuta `Speech rate` chini kidogo, tukarudia. Mara ya tatu alijibu yote. Hapo tukaacha. Nikamfundisha pia kutelezesha vidole vitatu kushoto au kulia hadi asikie kipimo cha kasi, kisha kidole kimoja juu au chini kuibadilisha. Siku akizoea ataongeza mwenyewe, bila kuningoja mimi. Na nikamwachia earphone, maana simu inayosoma salio kwa sauti kibarazani haina siri.

Sitadanganya kwamba yote yalinyooka. Sauti ya Kiswahili ikikutana na Kiingereza, nayo inakivuruga vilevile. Meseji ya binamu yangu, "Susu tuko kwa meeting, nitakukolo badae", ilikuwa vurugu tupu. Meseji za pesa nazo tulihakikisha zinakuja kwa Kiswahili kupitia uchaguzi wa lugha kwenye menyu ya M-Pesa. Kwa zinazobaki za Kiingereza, lugha hubadilishwa kwenye menyu ya TalkBack, lakini hiyo ni kazi ya mkono, na mzee anachoka. Na Kikamba, lugha ambayo susu anaota nayo, sikukikuta kwenye orodha ile. Hilo ni deni la wenye injini, si letu.

Lakini letu tulilipe. Tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kwa mabango mazuri mtandaoni. Mengi ni picha. Kisoma-skrini hakiioni methali iliyochorwa ndani ya picha kama hakuna aliyeandika maelezo yake. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze mawasiliano yanayofikiwa na watu wenye ulemavu, na kifungu hichohicho ndicho kinachofanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tunanukuu nusu moja tu. Hata sisi tunaochapisha hadithi hapa: ukurasa wa Kiswahili usiobeba `lang="sw"` kwenye msimbo wake unajitambulisha vibaya kwa visoma-skrini vinavyofuata alama hiyo.

Nilipokuwa naondoka, yule kijana alikuja kama kawaida. Susu alikuwa na earphone sikioni. Akamwambia akae anywe chai, meseji ameshasoma. Wiki iliyofuata alibadilisha namba yake ya siri. Hakuniambia mpya ni ngapi, na sikuuliza.