Tuagane kwa hesabu, si kwa kupeana mikono tu

Biashara nyingi kati ya Arua na Koboko huanza kwa maneno mazuri na kuishia kimyakimya. Mnunuzi anaacha kupokea simu, msambazaji anaacha kupeleka mzigo, na kila mmoja anabaki na hesabu yake kichwani. Mwaka mmoja baadaye wanakutana sokoni, na neno la kwanza ni deni. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuvunja mkataba kabla ya wakati wake si kosa ikiwa wote wawili wamekubali. Sheria za nchi zetu zinaruhusu. Hata sheria ya mikataba ya Kongo, ya tangu mwaka 1888, inasema mkataba ni kama sheria kwa waliouweka, nao waweza kuufuta kwa kukubaliana. Shida haiko kwenye kuagana. Shida ni kuagana bila kuhesabu.

Tuchukue mfano, ambao wasomaji wetu wengi watautambua. Msambazaji wa Arua aliahidi kumpelekea mwenye duka la jumla wa Koboko magunia 20 ya maharage kila mwezi kwa miezi 6, kila gunia kilo 100, bei shilingi 320,000. Mwenye duka alitoa arubuni ya shilingi milioni 3, ambayo ingekatwa kwenye mzigo wa mwisho. Wateja wake wengi walikuwa wakivuka Oraba kutoka Kaya. Baada ya miezi 3 pauni ya Sudan Kusini ikashuka, wateja wakapungua, na maharage yakaanza kukaa stoo. Akaomba mkataba ukome, na msambazaji, ambaye alikuwa na mnunuzi mwingine, hakukataa.

Hapo wengi hupeana mikono. Lakini mwenye duka anaamini atarudishiwa arubuni yake milioni 3, na msambazaji anaamini arubuni imepotea kwa sababu si yeye aliyetaka kuacha. Wote wawili wametabasamu, na ugomvi tayari umeshazaliwa.

Sasa tuwakalishe na daftari. Magunia 60 yalifika, thamani yake shilingi 19,200,000. Magunia 5 yalikuwa yameliwa na wadudu, na msambazaji alikubali siku ileile yaliyopofunguliwa. Yakitolewa, deni linabaki 17,600,000. Mwenye duka amelipa milioni 15, na arubuni milioni 3 inafanya 18. Kwa hiyo yeye ndiye anayedai shilingi 400,000. Lakini msambazaji alikuwa ameshanunua mzigo wa mwezi wa nne na kulipia stoo na lori. Wanakubaliana hasara hiyo ibebwe na mwenye duka kwa shilingi 700,000. Ukitoa 400,000, mwenye duka anapaswa kulipa 300,000 ili wamalizane. Kutoka kwenye ndoto mbili za mamilioni, ukweli ni laki tatu.

Tarakimu hizo ndizo ziandikwe kwenye hati, mstari kwa mstari, si jumla ya mwisho peke yake. Atakayesema kesho kwamba magunia mabovu hayakuhesabiwa ataonyeshwa mstari wake. Malipo ya simu yaandikwe na tarehe na namba ya muamala. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Basi na hati ya kuumaliza iandikwe vilevile, itaje mkataba wa mwanzo kwa tarehe yake na iseme unakoma siku gani.

Baada ya hesabu ndipo lije tamko la kuachiliana madai: kwamba hakuna atakayemdai mwenzake tena kwa mkataba huo. Hapa ndipo wafanyabiashara wetu huumia zaidi. Wengi husaini kwamba hawadai kitu, huku fedha ikiwa bado ni ahadi ya wiki ijayo. Wiki ijayo ikipita, mwenye haki amebaki na karatasi inayosema hana haki. Hati iseme wazi kwamba madai yanafutika malipo yatakapopokelewa, si saini itakapotiwa. Laki tatu zisipolipwa, hati hiyo yenyewe inakuwa ushahidi wa deni, na deni la kiasi hicho linaingia kwenye utaratibu wa mahakama wa madai madogo, ambao kikomo chake ni shilingi milioni 10.

Tamko hilo pia lina mipaka. Linawafunga waliosaini tu. Kodi inayodaiwa haifutwi na makubaliano ya watu wawili, wala ujira wa dereva ambaye hajalipwa. Aliyesimama kama mdhamini atajwe kwa jina kwamba ameachiliwa. Na kilichowekwa rehani kirudi mkononi siku ya malipo: kadi ya gari, hati ya kiwanja, na hasa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele. Hundi iliyosahaulika kwenye droo ya mtu inaweza kupelekwa benki hata baada ya mkataba kufa.

Lipo pia suala la lugha. Huku kwetu mtu huzungumza Kilugbara nyumbani, Kikakwa sokoni, Kiswahili njiani na Kilingala akivuka kwenda Ariwara, lakini hati huandikwa Kiingereza. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, nayo inamhesabu hivyo hata msomi ambaye hajui lugha ya hati aliyowekewa mbele. Aliyemwandikia anatakiwa aweke jina lake kamili na anwani yake kwenye hati hiyo. Tunashauri aongeze kwamba aliisoma kwa sauti, kwa lugha gani, na kwamba mwenye saini alielewa. Karani anayekataa kuandika jina lake, msimpe kazi.

Mwisho, ridhaa iwe ridhaa. Tunajua mtindo wa kumwita mdeni kituo cha polisi na kumwambia asaini ndipo arudi nyumbani. Makubaliano yaliyopatikana kwa kutishwa au kudanganywa yanaweza kubatilishwa mahakamani, na aliyefurahia saini hiyo anarudi mwanzo akiwa na gharama mpya. Mpeni mwenzenu siku mbili alale na karatasi. Anayeharakisha saini ana jambo analoficha.

Wakubwa nao hushindwa hapa. Mkataba wa Umeme wa kusambaza umeme Uganda ulipofika mwisho mwezi Machi 2025, tarehe ya kuondoka ilijulikana kwa miaka 20, lakini hesabu haikukubaliwa. Serikali ililipa takriban dola milioni 118, kampuni ikasema inadai zaidi, na shauri likaenda kwa wasuluhishi London. Mfanyabiashara wa Koboko hana London ya kwenda. Ana daftari lake, mashahidi wawili na jina lake sokoni.

Kwa hiyo tunaviomba vyama vya wafanyabiashara vya Arua na Koboko viweke kielelezo kimoja cha hati hii, kurasa mbili tu, kwa Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa, kipatikane pale pale mizigo inapopimwa. Leo mnaachana kwa maharage. Msimu ujao huenda mkahitajiana kwa ufuta. Aliyemaliza hesabu na mwenzake anaweza kumpigia simu tena bila haya.