Tazama Tarehe za Mahojiano

Neno la Mhariri

Tuseme mezani kuna andiko kuhusu wanawake wanaofanya biashara ndogo mpakani kati ya Tunduma na Nakonde. Ni la kubuni, ila aliyewahi kuhakiki makala za mahojiano ataitambua sehemu yake ya mbinu. Mtafiti anasema alitumia fenomenolojia, akafuata nadharia inayoibuka kwenye data, akachambua kwa uchambuzi wa dhamira, na akahoji wanawake 20 hadi hapakuwa na jipya. Mahojiano yote yalifanyika ndani ya juma moja, kwa mwongozo uleule. Matokeo yana vichwa vinne: mtaji, ushuru, usafiri, na kubadilisha kwacha.

Wahakiki wengi hukagua kama kila jina la mbinu limepewa rejea yake. Rejea zitakuwepo, hilo si kazi. Mimi huanza na kalenda.

Barney Glaser na Anselm Strauss walipotoa kitabu chao cha nadharia inayoibuka kwenye data mwaka 1967, walikuwa wametoka kuwachunguza wagonjwa waliokaribia kufa hospitalini huko Kalifornia. Katika mbinu yao, uchambuzi unaanza na mahojiano ya kwanza, na ndio unaoamua nani ahojiwe baadaye. Tuirudishe Tunduma. Mama wa tatu anaeleza kwamba mzigo wake huugawa kwa wabebaji kadhaa, kila mmoja avuke na kidogo. Mtafiti anasimama hapo, anaandika kumbukumbu yake, kisha anajiuliza: nani hagawi? Anamtafuta mwenye mtaji mkubwa anayekodi gari, dereva wa bodaboda anayebeba mizigo ya watu, na mama aliyewahi kugawa akaibiwa. Kila anayehojiwa analinganishwa na waliotangulia. Mwishowe anaweza kueleza ni lini mfanyabiashara hugawa mzigo, lini huukusanya, na uaminifu gani unahitajika ili mpango usivunjike. Hapo ndipo kauli ya “hapakuwa na jipya” inapata uzito, kwa sababu haihusu wahojiwa kurudia maneno. Inahusu maelezo ya kugawa mzigo, ambayo sasa hayaongezewi sharti wala sura nyingine hata ukimtafuta mtu wa kuyapinga.

Sasa, kama wanawake wote 20 walihojiwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na uchambuzi ukaanza mwezi uliofuata, hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyoweza kufanyika. Tarehe zenyewe zimeshatoa ushahidi.

Fenomenolojia, iliyoanzia kwa mwanafalsafa Edmund Husserl, inauliza jambo jingine kabisa: aliye ndani ya tukio fulani huliishi vipi. Kwa mpakani, tukio linaweza kuwa kusubiri na matenga ya nyanya juani bila kujua kama leo utavuka. Watu wachache wanatosha, lakini mazungumzo ni marefu na yanakaa kwenye tukio hilo hilo: muda unavyovutika, macho ya wapita njia, mkono unaorudi kila mara kupapasa nyanya. Andiko letu la kubuni linatuambia mtaji ni mdogo na ushuru ni mkubwa. Ni habari muhimu, ila ni habari za hali ya biashara, na hata mtu asiyewahi kusubiri mpakani angeweza kuzitoa.

Linabaki jina la tatu. Uchambuzi wa dhamira, kama Virginia Braun na Victoria Clarke walivyoupanga mwaka 2006, unaweza kufanyika kwa mahojiano yaliyokwisha kukusanywa. Unaweza hata kusimama juu ya mtazamo wa fenomenolojia, kwa hiyo kuyaona majina hayo mawili pamoja si kosa, mradi mwandishi aonyeshe mtazamo huo ulibadilisha nini katika usomaji wake. Tatizo liko kwenye vichwa. “Ushuru” ni swali la mwongozo lililorudi likijiita jibu. Dhamira hubeba dai, mathalani kwamba mpaka hufunguka kwa anayefahamika. Dai hilo linaweza kuwaunganisha mama anayetegemea salamu za karani, anayezungumza Kinyamwanga na wateja wa ng’ambo, na anayebebewa mzigo na binamu yake, ingawa walijibu maswali tofauti.

Andiko hili linaokoleka. Lifute majina mawili ya kwanza, liondoe kauli ya “hapakuwa na jipya”, ambayo Braun na Clarke wenyewe wameikataa kama kipimo cha uchambuzi wao, kisha lirudi kwenye mahojiano kutafuta madai badala ya vichwa. Lakini mwandishi akishikilia kwamba amejenga nadharia, marekebisho ya mezani hayatamfikisha. Atapanda basi kurudi Tunduma, akiwa na swali alilolipata kwa wanawake 20 wa kwanza, awatafute wale ambao hakuwahoji.

Kuanzia toleo hili, kila makala ya mahojiano itataja siku ya mahojiano ya kwanza na ya mwisho, na siku uchambuzi ulipoanza.